Submariner ya dirhamu 54,000 iliyoondoka kwa 33,120: kisa cha mpwa wangu na saa ya mtumba

Mpwa wangu yuko Dubai mwaka wa tisa sasa, anafanya kazi ya kago, anapakia mizigo ya watu kwenda Dar na Tanga. Februari 2022 alinunua Rolex Submariner ya mtumba, ile 116610LN, nyeusi yenye tarehe, kwa dirhamu 54,000 taslimu. Hakuniambia. Nilikuja kujua Mei 2024 aliponipigia simu jioni moja akaniambia mjomba nina saa nataka kuiuza nimalizie paa la nyumba Tanga, wewe si unawajua hawa watu wa saa Deira, twende wote. Na mi kweli nawajua, nimekuwa nanunua na kuuza saa za mtumba kidogo kidogo miaka mingi, si tajiri wa saa ila maduka mengi pale nikiingia wananiita kwa jina.

Naandika hiki kisa kwa sababu kila wiki napokea meseji ya mtu anauliza eti saa ni uwekezaji au si uwekezaji, na nikijibu kwa maneno matupu hanielewi, sasa leo natoa hesabu zote kama zilivyokuwa, mwenyewe kaniruhusu.

Kwanza muelewe alinunua wakati gani. Hiyo 116610LN ilitoka 2010 ikasimamishwa 2020, Septemba mwaka ule Rolex wakaleta 126610LN badala yake, milimita 41 badala ya 40, na mashine mpya inayokaa na nguvu kama saa 70 wakati ile ya zamani ni 48. Ya zamani ikawa haitengenezwi tena. Na ndo kipindi kile watu wamefungiwa ndani, riba ziko karibu na sifuri, pesa za bitkoini zinazunguka, dukani kwa wakala wa Rolex ukiulizia Submariner unaambiwa uandike jina usubiri na hakuna ahadi, basi kila aliyekuwa na pesa akageukia mtumba. Bei ikapanda kila mwezi. Mpwa wangu alikuwa anafuatilia kwenye simu, anaona mwezi jana 48,000, mwezi huu 52,000, akaona akichelewa itafika 60,000. Alinunua kwa mtu binafsi, boksi lipo, kadi ipo ya 2016, saa inang'aa kama mpya. Kumbuka hiyo ya kung'aa, tutairudia.

Mwezi uliofuata, Machi 2022, benki kuu ya Marekani ikaanza kupandisha riba, na ikaendelea mpaka Julai 2023 ilipofika asilimia 5.25 hadi 5.50. Dirhamu imefungwa kwenye dola, 3.6725 kwa dola moja, kwa hiyo na huku riba zikapanda pamoja nazo. Bitkoini ikaanguka. Sasa mtu aliyekuwa na saa kumi kabatini hazimzalishii kitu, na benki inaanza kumlipa akiweka pesa tu, huyo anauza. Wakiuza wengi kwa pamoja bei inashuka, ikishuka na wale waliokuwa wanangoja wanaogopa nao wanauza. Saa haikuharibika wala Rolex hawakupoteza jina. Pesa ya bei rahisi iliisha tu.

Watu wengi wanaishia hapo, wanasema bahati mbaya, alinunua kileleni. Mi nasema hapana, hiyo ni sehemu moja tu, na sehemu ya pili ndo ambayo angeweza kuiona siku ileile ananunua.

Nilipokaa naye nikamuuliza, hivi ulishawahi kujaribu kuiuza? Akasita, akaniambia ndiyo mjomba, wiki tatu baada ya kununua niliipeleka duka moja kuuliza tu. Walimwambia 47,000. Akakasirika, akaona wanataka kumwibia, akatoka. Meseji ya yule mwenye duka bado ilikuwa kwenye simu yake, tukaisoma pamoja.

Sasa tazama hapo. Soko lilikuwa bado juu kabisa, saa ileile, wiki tatu tu, na bei ya mwenye pesa mkononi ni 47,000. Yaani alipolipa 54,000 alikuwa tayari ameacha 7,000 mezani, karibu asilimia 13, na ili arudishe pesa yake tu bila faida ilibidi ile bei ya duka ipande karibu asilimia 15. Yule mwenye duka hakuwa mwizi. Yeye ananunua kwa 47,000, anaipeleka kwa fundi, anakaa nayo kabatini mwezi au miezi mitatu, analipa kodi ya duka, anampa mteja dhamana, anauza 52,000 au 53,000. Hiyo tofauti ndo riziki yake. Wewe ukinunua bei ya mteja na ukauza bei ya duka, hilo pengo lote unalilipa wewe.

Kwa hiyo saa ina bei mbili na watu wanaangalia moja tu. Ile unayoiona kwenye Chrono24, tovuti ya matangazo ya saa, au kwenye magrupu ya simu ni bei anayoitaka muuzaji, mtu anaweza kuandika chochote, na tangazo linaweza kukaa miezi sita bila mnunuzi, tena zile ambazo hazijauzwa ndo zinabaki kuonekana, zilizouzwa kwa bei ya chini zimeshaondoka. Ukitaka kukaribia ukweli angalia zilizouzwa, eBay wana sehemu ya kuchuja vilivyouzwa tayari, na minada mikubwa inatangaza matokeo. Ila na huko kwenye mnada uwe makini, bei inayotangazwa mara nyingi imeshajumlishwa ada anayolipa mnunuzi juu ya bei iliyogongewa nyundo, mwenye saa haipati hiyo, na yeye mwenyewe anaweza kukatwa ya kwake. Ile Rolex Daytona ya mwigizaji Paul Newman iliyouzwa kwenye mnada wa Phillips New York Oktoba 2017 kwa dola milioni 17.75, ada ya mnunuzi imo humo ndani. Na saa ile iliuzwa kwa sababu aliivaa Paul Newman mwenyewe, Daytona yako ya mtumba haihusiki nayo kabisa.

Haya, twende Deira. Tuliingia maduka matatu siku moja, asubuhi hadi mchana, na nilimwambia mpwa wangu usiseme umenunua shilingi ngapi, mtu akiuliza unataka ngapi mwambie wewe mwenye duka ndo unajua soko. Duka la kwanza 31,000. La pili 31,700. La tatu 30,500. Mpwa wangu alinyamaza kimya, nikaona jasho. Mi nikamwomba yule wa duka la pili, ambaye tunajuana siku nyingi, atufungulie hesabu yake, na alikuwa muungwana akatueleza moja baada ya nyingine, na hapo ndo penye elimu yote.

Akasema, 116610LN safi, boksi na kadi, haijaguswa, leo nailipa 36,000 bila kufikiri. Hii yako nakata 4,300. Kivipi?

Cha kwanza akaichukua akaigeuza upande chini ya taa. Akatuonyesha zile pembe nne za bodi ambazo mkanda unashikia. Kiwandani juu ya pembe inapigwa mistari ya msasa mwembamba na ubavuni inang'arishwa, na pale pande mbili zinapokutana kunakuwa na ukingo mkali unaonekana wazi kama ukingo wa meza. Ya mpwa wangu ukingo ulikuwa umelala, umekuwa duara, na pembe moja ilikuwa nyembamba kuliko mwenzake. Maana yake saa imepigwa polishi na mtu asiye na mkono mzuri, pengine zaidi ya mara moja. Chuma kikishaondoka hakirudi. Hapo 1,500. Na ndo ile kung'aa kama mpya iliyomvutia wakati ananunua. Saa ya 2016 iliyovaliwa inatakiwa iwe na mikwaruzo yake, na mikwaruzo yenye pembe kali ina bei kuliko kung'aa kwenye pembe zilizoliwa, hili wanunuzi wapya karibu wote wanalielewa kinyume.

Cha pili mkanda. Akahesabu vipande akasema viwili havipo. Mmiliki wa kwanza alikuwa na mkono mwembamba, akavitoa, vikapotea. Mpwa wangu hakuwahi kugundua kwa sababu kufuli la mkanda wa hii saa linaongezeka milimita 2 kila hatua mpaka 20, yeye alikuwa amelivuta mpaka mwisho na likamtosha. Lakini mnunuzi mwenye mkono mkubwa hatatoshwa, na vipande halisi vinanunuliwa kimoja kimoja na ni ghali. 800.

Cha tatu, na hiki ndo kikubwa, akaiweka kwenye kile kimashine cha kusikiliza mapigo. Sasa hapa nieleze kidogo. Ndani ya saa kuna gurudumu linaloyumba huku na huku, na kimashine kinasikiliza mlio kisha kinakwambia mambo mawili, saa inapoteza au inazidisha sekunde ngapi kwa siku, na lile gurudumu linayumba kwa upana wa nyuzi ngapi. Watu wanaangalia sekunde tu. Fundi anaangalia nyuzi, kwa sababu ndo zinaonyesha kama mafuta ndani yamekauka. Saa yenye afya ikiwa imejazwa vizuri na imelala chali utaona 270 kwenda juu. Ya mpwa wangu ilisoma 215, na ilikuwa inapoteza sekunde 9 kwa siku. Akauliza umewahi kuifanyia sevisi? Hapana. Aliyekuuzia alifanya? Hajui. Kadi ni ya 2016, dhamana ya Rolex ni miaka 5, kwa hiyo iliisha 2021, mwaka mmoja kabla hajainunua. Mpwa wangu alinunua saa ambayo dhamana imekwisha, mashine haijawahi kufunguliwa, na akalipa bei ya saa iliyokamilika. 2,000.

Jumlisha 1,500 na 800 na 2,000 unapata 4,300, ukitoa kwenye 36,000 inabaki 31,700 kamili. Hakukuwa na ubabaishaji wowote.

Mpwa wangu akauliza swali zuri, akasema mjomba si niifanyie sevisi kwanza halafu niiuze bei safi? Nikamwambia hapana. Yeye akienda kwa fundi mzuri kama mteja atalipa kama 3,000 na atangoja wiki kadhaa, mwenye duka anakata 2,000 kwa sababu fundi ni wake. Utatumia 3,000 kuokoa 2,000. Sevisi ni ya mtu anayeivaa saa, au ya kumdai muuzaji apunguze bei wakati unanunua.

Tukaamua njia nyingine. Yule wa duka la pili alikubali tumwachie aiuze kwa niaba yetu kwa kamisheni ya asilimia 8, tukaandikiana karatasi yenye namba ya saa, bei ya chini ambayo hatashuka bila kutuuliza, na kwamba ndani ya miezi mitatu isipouzwa inarudi. Ilichukua wiki saba. Ikauzwa 36,000 kwa mtu aliyeambiwa kasoro zote. Kamisheni 2,880. Mpwa wangu akapokea 33,120.

Alitoa 54,000 akapata 33,120, imepotea 20,880. Sasa naomba uitenganishe hiyo hasara kwa sababu ndo kiini cha kisa chote. Wiki ile tunauza, saa safi ya aina hiyo kwa mnunuzi wa kawaida ilikuwa inakwenda kama 40,000. Kwa hiyo soko lenyewe lilichukua 14,000, hiyo hakuna aliyeijua mbele, mi mwenyewe sikujua. Lakini 6,880 iliyobaki ni pengo la bei mbili na kasoro za saa yenyewe, na hiyo ingepotea hata kama soko lisingetikisika hata dirhamu moja. Ilikuwepo mezani Februari 2022, inaonekana kwa macho na kwa kimashine cha dakika tano.

Watu huniambia sawa, lakini si kuna waliopata? Wapo. Mi mwenyewe nina Submariner ya zamani, 14060M isiyo na tarehe, nilinunua 2012 kwa 18,500 bila boksi wala kadi kutoka kwa mtu aliyekuwa anahama nchi. Siku ileile tulipokuwa Deira niliivua nikauliza bei, nikapewa 26,500. Inaonekana faida ya 8,000. Ila ndani ya miaka 12 nimeifanyia sevisi mara mbili, jumla 5,000. Imebaki 3,000. Gawa kwa miaka 12 juu ya 18,500, haifiki asilimia moja na nusu kwa mwaka. Na hiyo ni moja ya saa zinazoshika bei vizuri kuliko karibu zote duniani, nilinunua wakati bei iko chini, kutoka kwa mtu mwenye haraka. Nimeivaa miaka 12 karibu bure, hilo nalishukuru kwa dhati, lakini sitamdanganya mtu kwamba nimewekeza. Saa nyingi nzuri za majina mengine, tena zenye mashine nzuri sana, zinaanguka kwa kiasi kikubwa mara tu zinapotoka dukani, ndo maana ukizinunua mtumba unapata saa nzuri kwa bei nzuri, ila usitegemee zipande.

Halafu kuna ndugu zetu wa Maskat, kila nikienda lazima mtu aniulize kuhusu saa za khanjari. Ni kweli, Sultani Qaboos wa Oman alikuwa akiagiza Rolex zenye alama ya khanjari usoni, nyingine zilipitia duka la Asprey London, anawazawadia watu, na leo zinatafutwa mnadani kwa bei ya juu sana kuliko saa ileile isiyo na alama. Kama babu yako alizawadiwa na una barua au picha na boksi lake, itunze vizuri na usiruhusu fundi yeyote kubadilisha uso au mishale, hata kama imechakaa. Lakini kununua moja sasa hivi kwa mtu usiyemjua kama uwekezaji ni hatari kubwa, kwa sababu uso wa saa unachapwa upya na alama inabandikwa juu ya saa halisi ya kawaida, bodi halisi, mashine halisi, namba halisi, uongo ni ule uso tu, na uso ndo uliolipia.

Kuhusu kopi kamili sitasema mengi, ila ile habari ya kuangalia taji dogo kwenye kioo pale chini kwenye alama ya 6 na namba iliyochongwa kwenye ukingo wa ndani haitoshi tena, kopi za siku hizi zina vyote hivyo na zinaiga mpaka mashine. Zinafunguliwa kwa fundi. Na namba ya saa ilinganishwe na kadi, kisha iulizwe kwenye daftari la saa zilizoibiwa, The Watch Register ya London wanafanya hiyo kazi kwa ada ndogo. Tangu Desemba 2022 Rolex wenyewe wana mpango wa mtumba ulioidhinishwa kupitia mawakala, unapata dhamana ya miaka 2, hofu ya kopi inaisha kabisa, lakini unalipa zaidi ya mtaani na ukija kuuza duka la kawaida halikurudishii ile ziada yote, yaani pengo la bei mbili linakuwa pana zaidi.

Mwezi uliopita mpwa wangu alinipigia tena, paa limeisha, anataka saa, safari hii ya kuvaa. Kapata 116610LN nyingine, muuzaji anataka 39,500. Nikamwambia mwombe picha za pembe kwa ubavu, idadi ya vipande vya mkanda, na video ya kimashine, halafu uende nazo maduka matatu kama wewe ndo unauza. Akaenda. Pembe kali, vipande vyote vipo, nyuzi 281, risiti ya sevisi ya 2023. Maduka yakamwambia 35,000, 35,500 na 35,000. Akarudi kwa muuzaji akampa 36,500, akiwa ameshajua kwamba akikwama kesho pengo lake ni 1,000 si 7,000. Muuzaji akasema mwisho 38,500. Mpwa wangu akamshukuru akamwambia ukibadili mawazo namba yangu unayo. Mpaka leo naandika hajapiga, na saa bado iko kwenye tangazo, imeshuka 38,000.